Saa Nane Mchana na Taa Juani: Kuiandika Upya Tafsiri ya Tarakilishi

Maelezo yanayofungwa pamoja na vifaa vitokavyo nchi za nje siku hizi aghalabu hutafsiriwa na tarakilishi. Makosa yanayochekesha katika tafsiri hizo hayana madhara makubwa, kwa kuwa msomaji huyatambua mara moja. Yenye madhara ni yale ambayo sentensi yake imetimia kisarufi, ila inamwongoza msomaji kutenda kinyume cha yaliyokusudiwa. Tuseme taa ya sola, ambayo paneli yake huunganishwa na taa kwa waya, imeletwa na maelezo haya, yaliyotungwa hapa kuwa kielelezo:

«Hii taa inakuja na malipo ya jua. Weka paneli chini ya jua moja kwa moja kutoka saa 8 hadi saa 4 na iweke mbali na joto. Wakati mwanga nyekundu ni juu, taa inashtakiwa.»

Kosa la taa kushtakiwa halina uficho. Neno moja la Kiingereza hubeba maana ya kutia umeme katika betri, ya kutoza fedha na ya kumfikisha mtu mahakamani. Tarakilishi imechagua maana mbili zisizohusika. Kurekebisha ni rahisi, kwani wasemaji wamekwisha kulikubali neno «kuchaji», na hakuna haja ya kubuni jingine. Vilevile mwanga «hauwi juu», bali huwaka.

Kosa la pili limejificha katika tarakimu. Mwandishi wa Kiingereza alikusudia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Tarakilishi imeziacha tarakimu kama zilivyo, bila kuzingatia kwamba saa za Kiswahili huhesabiwa tangu macheo na machweo, tofauti ya saa sita. Msomaji atakayetii ataitoa paneli saa nane mchana. Kwa kuwa nchini Kenya jua hutua yapata saa kumi na mbili unusu, paneli itapata saa nne na nusu tu za jua linalozidi kufifia, badala ya saa nane. Usiku taa itazimika mapema, na mwenyewe atailaumu betri.

Kosa la tatu ndilo gumu zaidi. Katika «iweke mbali na joto», kiambishi i- kinarejelea nini? Mtu angetarajia upatanisho wa kisarufi utatue jambo hilo, maana ngeli za Kiswahili hutofautisha vitu ambavyo Kiingereza hukichanganya kwa kiwakilishi kimoja. Hapa ngeli hazisaidii: taa, paneli na betri zote zimo katika ngeli ya I-ZI, ambamo huingia maneno mengi ya mkopo. Kwa kuwa paneli ndiyo iliyotajwa karibu, msomaji ataamua kwamba paneli ndiyo inayoepushwa na joto. Sentensi sasa inajipinga: paneli iwekwe juani, na iepushwe na joto. Atakayeshindwa kuipatanisha huenda akaviweka vyote viwili juani. Betri nyingi za lithiamu hazifai kuchajiwa katika joto linalozidi nyuzi 45 za Selsiasi, na taa iliyoachwa juu ya bati mchana inaweza kulipita kiwango hicho.

Dawa yake ni kulirudia jina, au kuchagua jina la ngeli nyingine. Maelezo yakiandikwa upya yatasomeka hivi:

«Taa hii huchajiwa kwa nguvu za jua. Anika paneli juani tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, mahali pasipo na kivuli. Taa yenyewe iache kivulini, kwa sababu joto huharibu betri. Kijitaa chekundu kinapowaka, taa ingali ikichaji.»

Kitenzi «anika» kimeondoa haja ya «chini ya jua moja kwa moja». Umbo la udogo, «kijitaa», limeleta kiambishi ki-, hivyo kijitaa hakichanganywi tena na taa. Sababu ya agizo imetajwa pia, nayo humsaidia msomaji kukumbuka ni kipi kinachohitaji kivuli.

Kazi hii haifanyiki salama bila matini asilia. Yasipopatikana, mhariri hana budi kulipima kila agizo kwa hali halisi: saa nane mchana hadi saa nne usiku hakuwezi kuwa kipindi cha jua. Baada ya hapo, maelezo mapya na apewe mtu ambaye hakuyaona ya Kiingereza, taa ikiwa mkononi mwake. Asiulizwe kama ameelewa, kwani wengi hujibu ndiyo kwa adabu. Atazamwe ataianika paneli saa ngapi, na taa ataiacha wapi.