Tangazo la Asali Lisilo na Asali

"Je, umechoka na asali isiyo na ubora? Usitafute zaidi! Tunakuletea asali safi, asilia na yenye ubora wa hali ya juu, iliyoandaliwa kwa upendo kutoka moyoni mwa asili. Hii si asali tu, ni safari ya ladha na afya. Kila tone litainua maisha yako ya kila siku. Agiza leo ujionee tofauti!"

Tangazo hili, au ndugu yake wa karibu, huenda umelisoma wiki hii. Liko kwenye stetasi za WhatsApp, kwenye kurasa za Instagram na kwenye vipeperushi vinavyobandikwa nguzo za umeme. Muuzaji amefungua programu ya akili unde kwenye simu, akaandika "nitengenezee tangazo la asali", akanakili kilichotoka na kukibandika. Sarufi haina kasoro. Ila msomaji akifika mwisho hajui asali inatoka wapi, ni ya rangi gani, ni bei gani, wala anayeiuza ni nani.

Sababu yake haihitaji utaalamu kuielewa. Programu ya aina ya ChatGPT imefunzwa kwa maandishi mengi mno, na inapoandika hukadiria ni neno gani lina uwezekano mkubwa wa kufuata yale yaliyotangulia. Ukiipa neno "asali" peke yake, itakurudishia yale yanayosemwa mara nyingi zaidi na watu wanaotangaza vyakula. Matangazo mengi iliyojifunzia ni ya Kiingereza, ndiyo maana Kiswahili chake huja na mifupa ya kigeni. Simama Kariakoo kutwa nzima, hutamsikia mfanyabiashara akimwambia mteja "usitafute zaidi" wala kumwalika kwenye "safari ya ladha".

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kufunika jina la bidhaa kwa kidole, kisha kuweka bidhaa nyingine mahali pake. Jaribu sabuni kwenye tangazo hapo juu. "Tunakuletea sabuni safi, asilia na yenye ubora wa hali ya juu, iliyoandaliwa kwa upendo." Imekaa vizuri kabisa. Weka mafuta ya alizeti, majani ya chai, hata godoro. Ni "ladha" na "tone" tu zitakazogoma. Sentensi inayokubali bidhaa yoyote haijasema kitu kuhusu bidhaa yako, na hiyo ndiyo ya kufutwa kwanza. Tangazo letu likipita kwenye kipimo hiki, linalosalia ni neno "asali".

Hapo wengi hukosea njia. Huanza kubadilisha maneno: "safi" inakuwa "halisi", "ubora wa hali ya juu" inakuwa "kiwango cha kimataifa". Wengine huirudia programu na kuiagiza iandike kibinadamu zaidi. Matokeo yake nimeyaona mara nyingi, na yananisikitisha kuliko rasimu ya kwanza. Anazuka bibi: "Bibi yangu alikuwa akisema asali ni dawa ya moyo..." Bibi huyo hayupo. Au mama mwenye heshima zake, anayewaita wateja wake "ndugu zangu", anajikuta kwenye stetasi yake mwenyewe akisema "oya wanangu". Hali haiwezi kuwa nyingine, kwa sababu kinachokosekana ni habari, na habari hiyo programu haina. Anayo muuzaji.

Kwa hiyo kazi ya kuandika upya huanza kwa kuuliza. Tumchukue, kwa mfano, mama anayeuza asali Sinza, Dar es Salaam, akiletewa mzigo kutoka Sikonge, mkoani Tabora. Usimuulize "ubora wa bidhaa yako ni upi?" maana atakujibu kwa lugha ileile ya tangazo. Muulize mteja huuliza nini kabla hajatoa hela. Muulize ni lalamiko gani lilimuudhi. Mwombe akutumie ujumbe wa sauti kama vile anamjibu mteja, halafu uuandike neno kwa neno, pamoja na vituo vyake na "yaani" zake. Ukitaka zaidi, mwombe akuonyeshe mazungumzo yake na wateja kwenye simu, kwa ruhusa yake.

Mama wetu atajibu hivi: "Yaani wanachouliza ni kama nimechanganya sukari. Mwezi wa sita, wa saba, baridi ikianza, asali inaganda. Mtu anarudisha chupa, ananiambia mama umenichakachulia. Asali yangu naipima mbele ya mteja, sina cha kuficha. Na wengine wanaona bei yangu kubwa kwa sababu yule wa jirani anauza kilo, mimi nauza lita."

Humo mna tangazo zima, na muuzaji hajui. Kuganda kwa asali ni jambo la kawaida. Asali ina aina mbili kuu za sukari, glukosi na fruktosi, na glukosi ndiyo inayojitenga na kuwa punje, hasa hali ya hewa ikipoa. Asali ikiganda, hiyo peke yake haimaanishi imechakachuliwa. Nayo lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, kwa hiyo bei ya lita na bei ya kilo hazilinganishwi hivihivi. Kwa mama huyu mambo hayo ni ya kila siku, hata haoni kama yanafaa kutajwa. Kwa mnunuzi anayesita, hayo ndiyo aliyokuwa akitafuta.

Upofu huu wa muuzaji unajulikana siku nyingi katika kazi ya matangazo. Mmarekani Claude Hopkins, aliyeandika kumbukumbu zake mwaka 1927, alisimulia alivyotembezwa katika kiwanda cha bia cha Schlitz, mjini Milwaukee, alipopewa kazi ya kuwatangazia. Wakati huo kila kampuni ya bia ilikuwa ikipiga kelele kwamba bia yake ni safi. Hopkins akaona vyumba vya vioo vyenye hewa iliyochujwa, visima virefu, na chupa zinazosafishwa kwa mashine mara kadhaa. Akawauliza wenyewe mbona hawawaelezi watu haya. Wakamjibu kwamba viwanda vyote hufanya vivyo hivyo. Akayaandika, na mauzo yakapanda sana, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuyasema kabla yake. Neno "safi" lilikuwa limechujuka. Usafishaji wenyewe, ulipoelezwa hatua kwa hatua, ulikuwa mpya masikioni mwa watu.

Sasa turudi Sinza tuandike. Naanza na lile linalomsumbua mnunuzi zaidi, kisha bei, kisha namna ya kuipata. Maneno nayaacha yawe ya mama mwenyewe kadiri inavyowezekana:

"Ndugu zangu, asali ya Sikonge imefika Jumanne. Ni ya msitu wa miombo, rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea. Baridi ikiingia itaganda, msishtuke, sijaweka sukari. Weka chupa kwenye maji ya vuguvugu, italegea yenyewe, usiichemshe. Lita 1 ni Sh20,000, na lita ya asali ni karibu kilo 1.4, kwa hiyo ukilinganisha bei linganisha na hilo. Napima mbele yako. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe. Niko Sinza kila siku hadi saa 1 jioni, Jumapili nipo kanisani."

Pitisha kidole tena. Weka sabuni, sentensi zinavunjika moja baada ya nyingine. "Imefika Jumanne" inaonyesha mzigo ni mpya bila kulitamka neno hilo. "Napima mbele yako" imefanya kazi ambayo "uaminifu wetu" isingeweza kuifanya, maana mnunuzi anaweza kwenda kuhakikisha. Onyo la mtoto mchanga ni la kweli na la lazima: asali inaweza kuwa na vijimelea vya sumu kali ya botulini, ambavyo tumbo la mtoto wa chini ya mwaka bado haliwezi kuvikabili. Ajabu yake, onyo hilo humfanya msomaji aamini na yale mengine, kwa sababu anayedanganya hakwambii nani asinunue.

Na lile la kanisani? Mtu mwingine angelikata. Mimi naliacha, kwa sababu mama alilisema mwenyewe na linamzuia mteja kufunga safari ya bure. Kama asingelisema, nisingelibuni ili tangazo lionekane lina mtu ndani yake.

Hapa ndipo pa kuwa mkali. Programu ikibanwa itoe maelezo mahususi, inaweza kuyabuni, na itayabuni kwa sauti ileile ya uhakika: wateja zaidi ya 5,000, nembo ya TBS, asali inayotibu kisukari. Asali ni sukari kwa sehemu kubwa, na kumwambia mgonjwa wa kisukari kwamba itamponya ni kumhatarisha. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na anayewajibika ni mwenye biashara. Kila tarakimu, kila jina la mahali na kila neno "imethibitishwa" liulizwe: nani kasema? Jibu lisipotoka kwa muuzaji, kwenye risiti au kwenye cheti anachoweza kukushikisha mkononi, lifutwe. Ikiwa muuzaji mwenyewe hajui asali imetoka wilaya gani, ampigie simu aliyemletea. Akikosa jibu, tangazo lizungumzie bei na upimaji liishie hapo.

Kuna na kosa la upande wa pili, la kujaza kila ulichokisikia. Mama alinieleza pia namna mizinga inavyotundikwa mitini, jina la dereva wa lori na siku gari lilipokwama. Ni habari nzuri, lakini stetasi husomwa na mtu aliyesimama kwenye daladala. Moja inatosha kwa leo; ya mizinga itatoka wiki ijayo na picha yake.

Baada ya hapo msomee mama kwa sauti. Akicheka na kusema "hivyo ndivyo ninavyosema", umefika. Akinyamaza mahali, au akisoma kama anayesoma barua ya benki, sentensi hiyo si yake. Mwambie aiseme anavyotaka, nawe uandike hivyo. Programu bado ina kazi baada ya hatua hii: inaweza kukusahihishia tahajia au kufupisha maandishi yaenee kwenye kipeperushi. Lakini soma tena ilichorudisha, kwani mara nyingi huifuta "Jumanne" na kurudisha "ubora wa hali ya juu".

Mzigo ukiisha, tangazo nalo lifutwe siku hiyohiyo. Asali ijayo huenda ikatoka Manyoni badala ya Sikonge, rangi yake ikawa nyingine na bei ikapanda, na mteja atakayekuja akiwa na maneno ya "chai ya rangi" kichwani akakuta asali nyeupe atarudi kwenye swali lake la kwanza, kama umechanganya sukari.