Binomi ao Poisson? Jiulize kwanza unahesabu nini

Leo tuongee juu ya swali moja lenye kukata watu pointi kila mwaka kwenye mtihani wa probabilite: swali la kuhesabu, halafu mwalimu hakuandika popote kama ni Binomi ao ni Poisson. Mahesabu yenyewe si magumu, kikokotoo kinafanya. Ugumu iko mwanzoni, pale unapochagua. Ukichagua vibaya, hata hesabu iwe safi namna gani, jibu linaanguka.

Wengi wanachagua kwa kutafuta neno. Wakiona «wastani», wanaandika Poisson. Wakiona asilimia, wanaandika Binomi. Mwalimu anajua hiyo tabia, njo maana anaweka neno «wastani» ndani ya swali la Binomi. Kwa hiyo tuache maneno, tuangalie kitu chenyewe.

Swali la kwanza: je, unaweza kuhesabu mara ambazo jambo halikutokea?

Chukua trei ya mayai 30 yaliyotoka Masisi kwa barabara mbaya. Ukikuta 4 yamepasuka, unajua pia kwamba 26 ni mazima. Yaliyopasuka yana mpaka: hayawezi kupita 30. Kila yai ni jaribio moja, lina majibu mawili tu, kupasuka ao kubaki zima. Hapo ni Binomi, na unahitaji namba mbili: n, idadi ya majaribio, na p, uwezekano wa jambo kutokea kwa jaribio moja.

Sasa chukua matetemeko ya ardhi ambayo kipimo kinaandika siku moja hapa Goma. Leo yamekuja 4. Je, ni mangapi hayakukuja? Swali hilo halina maana. Hakuna n. Kuna muda tu, na ndani ya muda jambo linaweza kutokea wakati wowote, mara sifuri, mara moja, mara kumi. Hapo ni Poisson, na unahitaji namba moja tu: λ, wastani wa mara ngapi katika muda huo (ao katika eneo, ao katika urefu wa barabara).

Fomula zenyewe ni hizi:

```
Binomi:   P(X = k) = C(n,k) · p^k · (1-p)^(n-k)
Poisson:  P(X = k) = e^(-λ) · λ^k / k!
```

Angalia vizuri: katika fomula ya Binomi kuna kipande (1-p)^(n-k). Hicho ni kipande cha mara ambazo jambo halikutokea. Katika Poisson hakipo. Fomula zenyewe zinakuambia ile tofauti.

Nyiragongo inaonyesha namna moja inazaa nyingine

Sisi wa Goma tuna mfano ambao uko juu ya kichwa chetu. Nyiragongo ilipasuka na kumwaga lava Januari 1977, tena Januari 2002, tena Mei 2021. Kati ya mara ya kwanza na ya pili ni miaka 25, kati ya ya pili na ya tatu ni kama 19. Wastani wa kungojea ni miaka 22. Tuseme mwalimu anauliza: kwa hesabu hiyo, uwezekano wa kupata angalau mlipuko mmoja katika miaka 10 ni ngapi?

Mwanafunzi wa kwanza anasema: kila mwaka ni jaribio, p = 1/22, n = 10. Anatumia Binomi. Uwezekano wa kutopata mlipuko wowote ni (21/22)^10, yaani 0.628. Kwa hiyo angalau mmoja: 0.372.

Wa pili anasema: mbona mwaka? Volkano haijui kalenda. Nikate kwa miezi. n = 120, p = 1/264. Anapata 0.366.

Wa tatu anasema: sikati kitu. λ kwa miaka 10 ni 10/22, yaani 0.4545. Uwezekano wa sifuri ni e^(-0.4545) = 0.635. Angalau mmoja: 0.365.

Umeona kinachotokea? Ukikata muda vipande vidogo zaidi na zaidi, n inapanda, p inashuka, lakini n × p inabaki palepale, na jibu la Binomi linakaribia la Poisson. Poisson ni Binomi ambayo majaribio yake yamekuwa madogo na mengi mpaka hayahesabiki tena. Siméon Denis Poisson mwenyewe aliifikia kwa njia hiyo katika kitabu chake cha 1837.

Njo maana mtihani unaweza kukuruhusu kutumia Poisson pahali pa Binomi, lakini kwa sharti: n iwe kubwa na p iwe ndogo. Vyote viwili. Na n = 200 na p = 0.01, uwezekano wa sifuri kwa Binomi ni 0.134, kwa Poisson ni 0.135. Hakuna shida. Lakini na n = 10 na p = 0.4, Binomi inatoa 0.006 na Poisson inatoa 0.018, mara tatu zaidi. Tena Poisson itakupa uwezekano wa kupata 11 kati ya 10, kitu ambacho hakiwezekani. Wastani ni 4 kwa zote mbili, lakini mtawanyiko si sawa: variansi ya Poisson ni λ, yaani 4, na ya Binomi ni np(1-p), yaani 2.4. Zinakaribiana tu pale p inapokuwa ndogo, juu hapo (1-p) inakuwa karibu na 1.

Mtego mkubwa: swali lenye kubadilika katikati

Hapa njo watu wengi wanaangukia. Soma swali hili, namba ni za mtihani tu:

«Kipimo kimoja kinaandika matetemeko kwa wastani wa 1.5 kwa siku, kila moja bila kutegemea lingine. (a) Uwezekano wa matetemeko 2 kamili siku moja ni ngapi? (b) Uwezekano wa siku 3 mfululizo bila tetemeko? (c) Uwezekano kwamba katika wiki moja kuna siku 2 kamili bila tetemeko?»

Kwa (a) tunahesabu matetemeko. Hayana mpaka, muda ni siku moja, λ = 1.5. Poisson: e^(-1.5) × 1.5² / 2 = 0.251.

Kwa (b) bado tunahesabu matetemeko, lakini muda umebadilika. λ inafuata muda: 1.5 × 3 = 4.5. Uwezekano wa sifuri ni e^(-4.5) = 0.011. Mwanafunzi anayebaki na 1.5 hapa anapoteza pointi bule. Unaweza kujichunguza: siku moja tulivu ni e^(-1.5) = 0.223, na 0.223 × 0.223 × 0.223 inarudi 0.011. Inalingana.

Kwa (c) simama kidogo. Unahesabu nini sasa? Si matetemeko tena. Unahesabu siku. Siku za wiki ni 7, haziwezi kupita 7. Kila siku ni tulivu ao si tulivu. Ukijua tulivu ni 2, unajua zenye kutetemeka ni 5. Yaani unaweza kuhesabu yasiyotokea, kwa hiyo ni Binomi, na n = 7. Na p inatoka wapi? Inatoka kwa Poisson: ni uwezekano wa siku moja kuwa tulivu, 0.223.

P = C(7,2) × 0.223² × 0.777⁵ = 21 × 0.0498 × 0.283, karibu 0.296.

Swali moja, sheria mbili, na ya kwanza inalisha ya pili. Aliyeandika Poisson toka juu mpaka chini ameanguka kwa (c), hata kama neno «wastani» ndilo lilifungua swali. Njo maana kila herufi ndogo ya swali inabidi uiulize upya: hapa ninahesabu nini?

Wakati hakuna hata moja inayofaa

Kuna maswali mengine ambayo yanafanana na haya lakini sivyo. Ukichagua watu 5 kwa kamati katika kundi la 12, bila kurudisha, uwezekano unabadilika kila unapomtoa mtu. p haibaki sawa, kwa hiyo si Binomi. Kwa Poisson, kinachoharibu ni matukio kuitana. Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, ardhi ya Goma ilitetemeka tena na tena kwa siku nyingi. Matetemeko ya namna ile hayako huru, moja linafuata lingine, na kwa siku zile Poisson yenye λ moja isingefaa.

Utajuaje ukipewa data? Hesabu wastani, halafu hesabu variansi. Kwa Poisson vinakuwa karibu sawa. Mfano maarufu ni wa Bortkiewicz, 1898, aliyehesabu askari wa Prusia waliouawa kwa teke la farasi. Katika ripoti 200, kila moja ya kikosi kimoja kwa mwaka mmoja, walikufa 122: wastani 0.61, na variansi pia karibu 0.61. Poisson inatabiri ripoti 109 bila kifo hata kimoja, na ndizo alizozikuta. Kama variansi inapita wastani kwa mbali, matukio yanakuja kwa makundi. Kama iko chini sana, pengine kuna mpaka uliofichwa, na Binomi ndiyo inakungoja.

Hata ile hesabu yetu ya Nyiragongo ina mpaka wake. Milipuko mitatu ni michache sana kwa kupata λ ya kuaminika. Tena Poisson haina kumbukumbu: kwake, mwaka wa kwanza baada ya mlipuko na mwaka wa ishirini ni sawasawa. Mlima ambao unajaza magma polepole pengine haufanyi hivyo. Kwa mtihani jibu 0.365 ni sawa. Kwa kupanga mahali pa kujenga nyumba, usilitegemee.

Siku ya mtihani, kabla ya kugusa kikokotoo, andika sentensi moja kwenye karatasi: «X ni idadi ya … katika …». Ukijaza nafasi ya pili kwa hesabu ya vitu (mayai 30, siku 7), angalia kama p inabaki sawa na kila kimoja kiko huru, halafu andika Binomi na n yake. Ukiijaza kwa muda ao eneo (siku 3, kilometa 5), rekebisha λ kwanza, halafu andika Poisson. Na swali likihamia herufi nyingine, andika sentensi mpya.