Kigae Hubanduka kwa Kilicho Chini Yake

Vigae vya sebuleni vinapobenuka, lawama hupelekwa dukani. Mara nyingi kigae hakina kosa. Kilichopungua ni mshiko kati yake na sakafu, na mshiko huo huharibika kabla hata boksi la kwanza halijafunguliwa.

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa mita 3.6, jamvi la zege limemwagwa na juu yake imepigwa sakafu ya mchanga na saruji. Kama sakafu hiyo ilimaliziwa kwa niru, usibandike chochote juu yake. Niru ni laini mno, gundi haipati pa kushika. Igongwegongwe kwa tindo mpaka uso wote ukwaruzike, kisha vumbi lifagiliwe lote. Kama ni mpya, iachwe siku 28, kwa sababu sakafu ya saruji husinyaa ikikauka ilhali kigae hakisinyai. Halafu pita ukigonga kwa nyundo: panapolia utupu, sakafu yenyewe imeachana na zege, na pavunjwe papigwe upya.

Sasa usawa. Pima maji fupi haitoshi kwa chumba kizima. Tumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji bila mapovu, uweke alama za kimo kimoja kwenye kuta zote, kisha pima kutoka alama hizo kushuka sakafuni. Tuseme penye kina kifupi kabisa umepata sentimita 98.8, karibu na mlango, na pa kina kirefu 100.4, kwenye kona ya dirisha. Tofauti ni milimita 16. Pale palipoinuka ndipo panapoamua kimo cha vigae, na hapohapo uangalie kama mlango utafunguka juu yake. Kona ya dirisha ijazwe kwa mchanga na saruji, ikauke, ndipo kazi ianze. Fundi atakayesema atajazia kwa gundi akataliwe: gundi nene husinyaa na kukivuta kigae chini. Mwishowe laza rula ya aluminiamu ya mita 2 kila upande. Mwanya chini yake usizidi milimita 3.

Kuhusu gundi, ni lazima kwanza ujue aina ya kigae. Kile cha udongo mwekundu hunywa maji, na ndiyo maana mafundi wa zamani walikiloweka kwenye beseni na kukibandika kwa uji wa saruji. Porseleni hainywi hata nusu ya asilimia moja ya uzito wake. Ukiiloweka, maji hubaki mgongoni na kuzuia mshiko. Uji wa saruji nao haupati tundu la kuingia. Inataka gundi ya unga iliyochanganywa na polima. Kwenye mfuko tafuta alama C2TE: C2 ni mshiko wa juu, T ni kutoteleza, E ni muda mrefu zaidi wa kufanya kazi kabla gundi haijakauka uso. Hata hivyo, kwenye joto la pwani usipake eneo kubwa kwa mara moja. Gusa gundi kwa kidole. Isiponata, kwangua upake nyingine.

Ipakwe kwa mwiko wenye meno ya milimita 10, mistari ielekee upande mmoja ili hewa itoke, na mgongo wa kigae upakwe tabaka jembamba. Yale mabonge matano, manne pembeni na moja katikati, ndiyo chanzo cha vigae vinavyopasuka mguu wa kabati unapovikalia. Nyanyua kigae kimoja baada ya vichache uone: gundi iwe imeenea karibu mgongo wote.

Nafasi kati ya vigae vya sentimita 60 iwe milimita 3, ikishikwa na vijiti vya plastiki. Usianzie ukutani. Ukiweka kiungo katikati ya urefu wa mita 4, kila mwisho utabaki na kipande cha sentimita 18 tu. Ukiweka kigae katikati, vipande vinakuwa vya sentimita 48, navyo vinapendeza. Kwa upana wa mita 3.6 ni kinyume: anza na kiungo katikati, upate vipande vya sentimita 58. Hesabu hii imeacha milimita 8 wazi kando ya kuta, nazo zisijazwe saruji. Vigae hutanuka kwa joto. Vikibanwa na ukuta pande zote, huinuka katikati. Ufa huo utafichwa na vigae vya ukingoni.

Bafuni, mteremko kuelekea tundu la maji ufanywe kwenye sakafu, si kwenye gundi.

Subiri saa 24 kabla ya kujaza viungo, na siku hiyo pitia kila kigae ukigonga kwa sarafu. Kinacholia utupu king'olewe hapohapo, kabla hujamlipa fundi fedha iliyobaki.