Mwamuzi Anapoomba Ruhusa Kazini

Waamuzi wengi wa Afrika wenye beji ya FIFA hawaishi kwa filimbi peke yake. Ni walimu, askari, wauguzi, wahasibu. Salima Mukansanga wa Rwanda, mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika fainali za Mataifa ya Afrika za wanaume, pale Zimbabwe ilipocheza na Guinea mjini Yaoundé tarehe 18 Januari 2022, alisomea uuguzi na ukunga. Mtu wa aina hii akiteuliwa, jina lake hutangazwa na majirani humpongeza, kisha kesho yake asubuhi anatakiwa kuwa ofisini saa mbili kamili.

Kwa Tanzania, jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba uteuzi wa CAF au FIFA haumfungi mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilitaja likizo ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi, na siku chache za msiba au kuuguliwa. Haikuweka likizo ya michezo. Kwa hiyo mfanyakazi wa kampuni binafsi anaomba, hadai, isipokuwa mkataba wake au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yawe yamesema vingine. Na akiondoka bila jibu, anajiweka pabaya: kutoonekana kazini kwa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya msingi ni kosa linaloweza kumfukuzisha kazi, hata kama siku hizo zote nchi nzima ilikuwa ikimtazama kwenye televisheni.

Mechi moja ya klabu haina shida sana. Ikichezwa Jumamosi, mwamuzi huondoka Alhamisi na kurudi Jumapili au Jumatatu, kutegemea ndege. Wakuu wengi wa idara huweza kuvumilia pengo la siku mbili tatu. Kazi ipo kwenye mashindano ya wiki kadhaa, na hapo ndipo nimeona maombi mengi yakikwama kwa sababu ya namna yalivyoandikwa.

Tuchukue mfano. Mhasibu wa kampuni ya usambazaji jijini Dar es Salaam ni mwamuzi wa kati, na ameteuliwa kwenda fainali za Mataifa ya Afrika nchini Morocco, zilizochezwa kuanzia 21 Desemba 2025 hadi 18 Januari 2026. Ratiba inayotangazwa ni ya mechi. Ya waamuzi huanza mapema zaidi, kwa sababu kuna kambi, semina na vipimo vya mbio kabla ya kupangiwa mechi. Tuseme anatakiwa kuondoka 14 Desemba.

Je, atarudi lini? Hilo ndilo swali ambalo barua nyingi hulijibu vibaya. Mwamuzi hajui. Hatua ya makundi iliisha 31 Desemba, na baada ya hatua kama hiyo wengine hurudishwa nyumbani huku wengine wakibakizwa kwa mechi za mtoano. Anayeandika "nitarudi tarehe 20 Januari" anaomba siku ambazo huenda asizihitaji. Anayeandika "nitarudi tarehe 2 Januari" akabakizwa, huanza kutuma ujumbe wa kuomba nyongeza akiwa Morocco, na meneja huhisi amedanganywa. Barua ya ukweli hutaja tarehe mbili: ya mapema kabisa na ya mwisho kabisa.

Sasa hesabu. Kuanzia 14 Desemba hadi 2 Januari ni siku 20. Hadi 20 Januari ni siku 38. Likizo ya mwaka kisheria ni siku 28 mfululizo, Jumapili na sikukuu zikiwa ndani yake. Akirudi mapema, likizo yake inatosha na siku 8 zinabaki. Akibakizwa hadi mwisho, anapungukiwa siku 10, na hizo lazima zipewe jina kabla hajapanda ndege: ama ruhusa yenye malipo, ama likizo bila malipo. Tena asisahau kwamba mwenye kauli ya mwisho juu ya lini likizo ya mwaka itachukuliwa ni mwajiri, na Desemba ni mwezi wa kufunga hesabu na kuhesabu mali ghalani. Meneja anayesita hapo hana chuki na michezo. Ana mkaguzi wa hesabu anayekuja Januari.

Barua inayopita huanza na hilo. Inaweza kusomeka hivi:

"Kupitia: Mkuu wa Idara ya Fedha. Yah: Ombi la ruhusa ya kuchezesha mashindano ya kimataifa. Naomba kutokuwepo kazini kuanzia tarehe 14 Desemba 2025. Nitarejea kati ya tarehe 2 na 20 Januari 2026, kutegemea mechi nitakazopangiwa. Naomba siku 28 za kwanza zikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka, na zitakazozidi, zisizopita 10, ziwe ruhusa yenye malipo. Usuluhishi wa hesabu za benki za Novemba nitaukabidhi kabla ya tarehe 12 Desemba, na mwenzangu wa dawati la wadai amekubali kusimamia zoezi la ghala. Naambatanisha barua ya uteuzi na barua ya TFF."

Hiyo barua ya TFF ina uzito kuliko maelezo yote ya mwombaji. Uteuzi wa CAF hupitia shirikisho la nchi, na shirikisho ndilo linalopaswa kumwandikia mwajiri moja kwa moja: nani ameteuliwa, kwa kazi gani, tarehe zipi, nani anagharamia safari na malazi. Mwombaji akipeleka picha ya ujumbe wa simu, afisa rasilimali watu hana cha kuweka kwenye faili.

Mtumishi wa umma ana ngazi zaidi. Mwalimu wa sekondari hupitishia barua kwa mkuu wa shule hadi kwa mkurugenzi mtendaji wa halmashauri, na bado anahitaji kibali cha kusafiri nje ya nchi. Kocha wa timu ya taifa naye aombe siku za kambi pamoja na za mashindano, maana kambi mara nyingi ndiyo ndefu zaidi.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyagundua wakiwa wamechelewa. La kwanza ni likizo bila malipo. Siku 10 bila mshahara ni takriban theluthi ya mwezi, na mchango wa NSSF, ambao ni asilimia 20 ya mshahara kwa pande zote mbili, nao hupungua. Mwenye mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara azungumze na benki kabla ya kuondoka. La pili ni kuumia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hufidia ajali itokanayo na kazi ya mwajiri. Goti likiteguka uwanjani ukiwa likizo, hiyo si ajali ya kazini. Mtu aulize kwa maandishi ni bima gani ya mashindano inayomhusu na inaishia wapi.

Jambo moja liingie pia kwenye barua: kipimo. Kwenye mbio za FIFA, mwamuzi wa kati wa kiume hukimbia mita 75 kwa sekunde 15 na kutembea 25 kwa sekunde 18, mara 40, jumla mita 4,000. Anayeshindwa kambini anaweza kurudishwa. Mwajiri akijulishwa mapema, kurudi ghafla hakutaleta maswali wala maneno ya korido.

Ombi langu ni kwa mashirikisho. Orodha ya waamuzi wa FIFA huanza kutumika kila tarehe 1 Januari. Mwandikieni mwajiri wa kila mwenye beji mwezi huohuo, mkimweleza mwaka huo huenda akaitwa lini na kwa muda gani. Msisubiri hadi tiketi ya ndege itoke.