Ulevi usiopepesuka: chupa ya enaji na moyo wa kijana

Jioni, kivuko kinaposhusha abiria upande wa Kamanga, vijana wa bodaboda husogea kugombea wateja, na si ajabu kuona mmoja wao ameshika chupa ya plastiki ya kinywaji cha kuongeza nguvu, au enaji kama kinavyoitwa mitaani. Hakuna anayeshtuka. Kinywaji hicho huuzwa dukani mchana kweupe, karibu na maji na biskuti, na mzazi anayekiona mkononi mwa mwanawe hana sababu ya kuuliza. Kwa sababu hiyo hiyo chupa ya enaji imekuwa maficho mazuri: hupunguzwa kidogo, hujazwa pombe kali, kisha kizibo hurudishwa. Utamu wake huzima ukali wa pombe, na rangi yake haibadiliki sana.

Hukumu ya pombe wasomaji wetu wanaijua, wala hatuna haja ya kuirudia. Tunalotaka kulieleza ni jambo ambalo hata familia yenye tahadhari hulikosa. Mchanganyiko huu humfanya mlevi asionekane mlevi, na yeye mwenyewe asijione hivyo, huku moyo wake ukibeba mzigo maradufu.

Tangu 1 Machi 2017 Serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba, wengi tulidhani kwamba pombe ya bei nafuu inayofichika mfukoni imekwisha. Kiroba kweli kiliondoka, lakini chupa ndogo ilibaki, na enaji ikaipatia vazi.

Tuanze na usingizi. Mtu anapokuwa macho kutwa, ubongo wake hukusanya kemikali iitwayo adenosini, ambayo kazi yake ni kuuambia mwili kuwa umechoka. Pombe huiongeza, na ndiyo maana mlevi wa kawaida husinzia, akalala kabla hajaongeza chupa nyingine. Kafeini iliyomo katika enaji hukaa katika milango ya adenosini na kuizuia isiingie. Ujumbe wa uchovu haufiki, lakini pombe imo ndani vilevile. Kafeini haipunguzi kiwango cha pombe katika damu hata kidogo, wala hailiharakishi ini kuiondoa. Watafiti wa Brazil walilipima jambo hili kwa vijana wa kiume, wakachapisha matokeo mwaka 2006: waliochanganya walisema hawajisikii kulegea wala kuumwa kichwa sana, na kwamba mikono yao inawatii, vipimo vya uratibu wa viungo na wepesi wa kuitikia vilionyesha wamelewa sawasawa na wale waliokunywa pombe tupu. Zipo tafiti za baadaye ambazo hazikuona tofauti kubwa katika hisia za mnywaji, lakini hakuna tuliyoisoma iliyosema kwamba kafeini humrudishia uwezo wa kuendesha chombo.

Tuchukue mfano wa kijana wa kilo 60. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 4 anamaliza mililita 200 za pombe kali yenye nguvu ya asilimia 35, pamoja na chupa nne za enaji za mililita 250. Pombe hiyo ina takriban gramu 55 za kilevi halisi. Chupa ya enaji ya kiasi hicho huwa na kama miligramu 80 za kafeini, hivyo zote nne zinafika 320. Saa 4 usiku anawasha pikipiki. Damu yake ina takriban miligramu 100 za kilevi katika kila mililita 100, ilhali kikomo cha sheria yetu ya usalama barabarani ni 80. Anaongea haraka, macho yameng'aa, anaamkia wakubwa vizuri. Nani atamzuia? Ini huondoa gramu saba au nane tu kwa saa, kwa hiyo pombe itamwisha karibu na alfajiri. Kafeini nayo hupungua nusu kila baada ya saa tano hivi, na saa 9 usiku bado anayo kiasi cha mtu aliyetoka kunywa chupa mbili. Anajigeuza kitandani, moyo unamdunda, na anadhani ni mawazo.

Jambo hili liliwahi kuwachanganya hata wenye kazi yao. Oktoba 2010, katika mji mdogo wa Roslyn, jimbo la Washington nchini Marekani, wanafunzi tisa wa chuo kikuu walipelekwa hospitali baada ya sherehe. Mwanzoni polisi walishuku kuwa wametiliwa dawa za kulevya. Uchunguzi ukaonyesha kuwa ni kinywaji cha kopo kilichochanganywa pombe na kafeini kiwandani. Mwezi uliofuata mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo iliziandikia kampuni nne kuzionya kwamba kafeini iliyoongezwa katika pombe zao si salama, na vinywaji vya aina hiyo vikaondoka sokoni. Kwetu kiwanda hicho hakipo. Mchanganyaji ni kijana mwenyewe, nyuma ya kibanda, na hakuna barua ya mamlaka inayomfikia.

Sasa moyo. Pombe nyingi kwa usiku mmoja huweza kuvuruga mfumo wa umeme unaoongoza mapigo, hata kwa mtu asiye na maradhi. Madaktari wa Marekani waliipa hali hiyo jina la moyo wa sikukuu mwaka 1978, kwa kuwa wagonjwa walikuja baada ya mapumziko ya wiki na sherehe. Vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma, na mapigo huwa ya ovyo. Pombe pia humkojoza mtu, akapoteza maji na chumvi ambazo moyo huzihitaji ili upige kwa mpangilio. Juu ya hayo enaji huamsha homoni za hofu, hupandisha shinikizo la damu, na vipimo vya umeme wa moyo kwa watu wazima wenye afya vimeonyesha kuwa lita moja hivi huchelewesha moyo kujiandaa kwa pigo linalofuata. Kwa wengi haya hupita. Kwa mwenye shinikizo asilolijua, au mwenye valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, maradhi ambayo bado yapo sana Afrika Mashariki, huenda yasipite.

Kwa hiyo mzazi asitafute kupepesuka. Amwite kijana, amwombe atembee hatua kumi kisigino kikigusa kidole, ageuke arudi. Asimame kwa mguu mmoja. Uchangamfu hauwezi kuficha hilo. Kisha amshike kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo kwa nusu dakika, azidishe kwa mbili. Aliyeketi kimya kwa dakika kumi na bado anazidi 100, au mapigo yake yanarukaruka, aonwe na mtabibu. Maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, kuzimia au degedege havingoji asubuhi. Asiyeamka alazwe ubavu, asipewe kahawa wala maziwa, asiachwe peke yake.

Hapa ndipo aibu huua. Bugando iko ng'ambo ya maji, kwa hiyo mgonjwa wa Kamanga huanzia kituo cha afya kilicho karibu. Huko familia husema amekula kitu kibaya, au amerogwa, na daktari hutibu tumbo. Naye daktari akimwona mgonjwa yuko macho anaongea, anaweza asiwaze pombe kabisa. Nendeni na chupa yenyewe, na kibandiko chake. Mwambieni ni ngapi, zilichanganywa na nini, na ya mwisho ilinywewa saa ngapi. Mkiona haya mbele ya watu, mwombeni mzungumze naye kando.