Robo Nne za Saa Takatifu

Kila Alhamisi, misa ya jioni inapokwisha katika parokia yetu, padre haondoki altareni. Huchukua hostia kubwa iliyogeuzwa katika misa ile ile, akaiweka ndani ya monstransi, kile chombo cha rangi ya dhahabu chenye miale kama ya jua na kioo katikati, akakisimamisha juu ya altare kati ya mishumaa. Hupiga magoti, akafukiza ubani. Tunaimba wimbo mmoja, kisha kinanda kinanyamaza, na tangu hapo hadi saa moja itimie hakuna anayesema kitu.

Msomaji asiye Mkatoliki huenda akajiuliza tunaangalia nini. Sisi tunaamini kwamba katika misa mkate na divai hugeuka kuwa Mwili na Damu ya Kristo, na kwamba hali hiyo haikomi waamini wanapotoka kanisani. Inadumu maadamu umbo la mkate linadumu. Zamani Kanisa lilianza kuhifadhi Ekaristi kwa ajili ya wagonjwa waliokaribia kufa, na katika kuihifadhi watu wakaanza kuiendea na kusali mbele yake. Kwa hiyo anayepiga magoti pale anaamini yupo mbele ya mtu aliye hai.

Na kwa nini iwe saa moja, tena Alhamisi? Jibu liko bustani ya Getsemani. Usiku ule, baada ya karamu ya mwisho, Yesu aliwakuta wanafunzi wake wamelala akamuuliza Petro kama hawakuweza kukesha naye hata saa moja. Mwaka 1674, katika mji wa Paray-le-Monial nchini Ufaransa, mtawa Margareta Maria Alacoque alieleza kwamba Kristo alimwomba akeshe naye kila Alhamisi usiku, kuanzia saa tano hadi saa sita. Huko ndiko ilikotoka desturi tunayoiita Saa Takatifu. Parokia nyingi huifanya jioni kwa sababu watu wana safari ya kurudi nyumbani.

Saa yangu ya kwanza niliiingia nikiwa na mkoba mzima: kitabu cha sala, rozari, novena mbili, na karatasi ya majina ya watu walioniomba niwaombee. Nikasali vyote mfululizo, midomo ikienda mbio. Nilipotazama saa, dakika ishirini zilikuwa zimepita na sikuwa na kitu tena cha kusema. Dakika arobaini zilizobaki nilizitumia kuhesabu vioo vya madirishani.

Tulipotoka nilimsalimu mama mmoja mzee ambaye hukaa benchi la pili kila wiki. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ulikuja kumtembelea au kumsomea?"

Yeye ndiye aliyenifundisha robo nne. Alizipokea kwa katekista wake, lakini chanzo chake ni Mtakatifu Petro Juliani Eymard, padre Mfaransa aliyeanzisha Shirika la Sakramenti Takatifu jijini Paris mwaka 1856. Eymard alishauri saa igawanywe katika sehemu nne za dakika kumi na tano: kuabudu, kushukuru, kufanya malipizi, na kuomba. Hakuzibuni kichwani mwake tu. Hayo manne ndiyo makusudi yenyewe ya sadaka ya misa, na ukiyafuata unaendeleza polepole kile ambacho misa imekifanya kwa haraka. Tazama vilevile kuomba kulivyowekwa mwisho, wakati wengi wetu ndiko tunakoanzia.

Robo ya kwanza ndiyo fupi kwa maneno. Ukifika unapiga goti moja, ingawa wazee wetu walizoea kupiga yote mawili, kisha unatafuta mkao ambao mwili utauvumilia. Kukaa kunaruhusiwa, na mwenye maumivu ya magoti asijilazimishe, kwa sababu saa nzima atakuwa anayaabudu magoti yake. Mimi husema moyoni, "Bwana, wewe upo hapa, na mimi nipo." Halafu natulia. Akili ikianza kutangatanga, nasoma mstari mmoja tu wa Zaburi ya 63, ile ya roho yenye kiu katika nchi kavu, nafunga kitabu, natazama tena. Eymard alitaka kila saa ya kuabudu ianze na tendo la upendo, na kwa uzoefu wangu nimeona sababu yake. Anayeanza na dhambi zake, au na shida zake, hujitazama mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na monstransi inabaki kuwa pambo la mbele.

Kushukuru kunaonekana chepesi, lakini kuna shukrani ambayo haishukuru chochote. "Asante kwa yote" ni ya namna hiyo. Jina lenyewe Ekaristi ni neno la Kigiriki lenye maana ya shukrani, na shukrani hutaka kitu cha kushikika. Narudi Alhamisi iliyopita na kutembea siku kwa siku hadi leo: mtoto aliyepona homa, jirani aliyenifungulia geti usiku mvua ikinyesha, mteja aliyelipa deni nililokwisha kulisamehe. Kila moja nalisimamia kidogo kabla ya kwenda kwa jingine. Nikijikuta nataja mambo mfululizo kama anayesoma orodha ya mahudhurio, najua nimeacha kushukuru na ninahesabu tu. Hapo huchagua moja nikabaki nalo hadi robo iishe.

Robo ya tatu ndiyo ngumu, na watu wengi huvunjikia hapo. Ni kati ya dakika ya thelathini na ya arobaini na tano. Ari ya mwanzo imekwisha, usingizi unakuja, na ukimya unaanza kuleta vitu ambavyo mchana huwa tunavifunika kwa kelele. Malipizi maana yake ni kusimama mbele ya Kristo ukiwa na ubaya uliotendwa, wako na wa wengine, na kumpa upendo pale aliponyimwa. Hayachukui nafasi ya sakramenti ya kitubio. Anayegundua dhambi kubwa katika saa hii bado anamhitaji padre wa kumwungamisha.

Nitoe mfano wangu. Mwaka jana, kwa wiki kadhaa, kila nilipofika robo hii niliona mawe ya mpaka wa kiwanja alichotuachia baba. Mimi na kaka yangu tulikuwa hatuelewani juu ya kiwanja hicho. Mwanzoni nililisukuma wazo hilo kama inzi na kurudi kwenye Zaburi ya 51. Likarudi. Nikamweleza yule mama kwamba mawazo yananiteka. Akanipa kipimo ambacho nakitumia hadi leo: wazo linalopita mara moja liache lipite, usipigane nalo, lakini linalorudi mahali pale pale kila wiki, huenda ndilo uliloitiwa. Lipeleke kwake lilivyo.

Alhamisi iliyofuata sikulifukuza. Nikasema, "Bwana, haya ndiyo mawe ya mpaka." Nikayaangalia pamoja naye. Kwa muda nilikuwa nikipanga hoja zangu kama aliye barazani. Kisha, bila kuitafuta, ikanijia siku ya kuanua tanga, mimi nikimwambia kaka mbele ya wazee kwamba yeye hakumuuguza baba. Ilikuwa kweli, hakumuuguza. Lakini sikuisema kwa sababu ilikuwa kweli. Niliisema ili ashindwe, na nilikuwa nimeona uso wake ulivyobadilika. Nikabaki na uso ule hadi robo ikaisha. Sikuwa na sala ndefu. Nilisema, "Nihurumie," kisha nikamwombea kaka kwa jina lake, si kwamba akubali mpaka wangu, bali apate amani nyumbani kwake.

Jumamosi nilimpigia simu. "Shikamoo kaka," nikasema, na nikaomba radhi kwa neno lile la siku ya tanga, neno hilo tu. Akanyamaza, kisha akaitikia, "Marahaba, mdogo wangu." Suala la kiwanja bado liko baraza la kata hadi ninapoandika haya. Mawe ya mpaka hayakunijia tena katika robo ya tatu.

Kuhusu usingizi na ukavu, afadhali niseme wazi kwamba watakatifu waliujua pia. Teresa wa Avila, mwalimu wa Kanisa kwa mambo ya sala, ameandika kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa na hamu zaidi ya kusikia kengele ya kumaliza saa yake kuliko ya kubaki pale. Hakuacha kwenda. Usingizi ukinishika nasimama nyuma ya kanisa kwa dakika chache, au nasali kumi moja la rozari polepole, nikilitafakari fumbo la Getsemani. Rozari ina nafasi yake katika saa hii, mradi tu isiwe mkoba ule wangu wa kwanza, wa kujaza dakika. Simu naizima kabla ya kuingia, hata ile yenye masomo ya siku, maana mkono ulioishika simu haukai tu.

Ukifika robo ya nne na umezipita tatu za mwanzo, utashangaa maombi yamebadilika. Yale uliyokuja nayo yakichemka, mengine yamepoa, mengine umeona si yako. Naanza na Kanisa na wagonjwa wa jumuiya yetu, kisha nasoma habari za Bartimayo kipofu katika Marko sura ya 10, nikimwacha Yesu aniulize swali alilomuuliza yule, nataka anifanyie nini. Najibu kitu kimoja. Baada ya kukisema sirudii. Dakika zinazobaki nazikaa kimya, kama mtu aliyekwisha kueleza haja yake kwa anayemwamini.

Kuna ndugu zetu ambao ndoa zao hazijabarikiwa, au wana kizuizi kingine cha kupokea Komunyo, na baadhi yao hudhani saa hii haiwahusu. Inawahusu kabisa. Hakuna anayezuiwa kuabudu, na anayetamani kumpokea Bwana asiweze anaweza kumwambia tamaa hiyo papo hapo. Tunaiita komunyo ya kiroho. Benchi la nyuma katika parokia yetu lina watu wa namna hiyo, na huwahi kuliko mimi.

Saa ikitimia kengele hulia. Tunaimba wimbo wa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, padre anafukiza ubani tena, anavikwa kitambaa kirefu mabegani na kuishika monstransi kwa ncha zake, mikono yake ikiwa imefunikwa, kwa sababu anayebariki hapo ni Kristo. Wiki ambayo padre au shemasi hayupo, mhudumu wa Ekaristi anaweza kuitoa hostia na kuirudisha, lakini baraka hatoi.

Kisha hostia inarudi tabernakulo, mishumaa inazimwa, inabaki taa nyekundu. Watu wanatoka taratibu, bado hawajaanza kuongea. Mama wa benchi la pili hutoka mwisho. Hushika benchi kwa mkono mmoja, akalishusha goti lake polepole hadi liguse sakafu, akakaa hapo kidogo kabla ya kuinuka.