Swali la Ndani, Mbele za Watu

Mwalimu wa sekondari ameweka hadharani picha yake akiwa amevaa joho. Amehitimu shahada ya uzamili, na pongezi zinamiminika. Kisha mtu anayefahamiana naye kwa mbali anaandika: "Hongera sana. Mbona siku hizi shemeji hatumuoni kwenye picha? Kulikoni?" Mfano huu nimeutunga, lakini sidhani yupo msomaji ambaye hajawahi kukutana na ndugu wa swali hilo.

Ana kwa ana, swali la namna hii huwa na dawa yake, nayo ni kusita. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha maswali na majibu katika lugha 10, kuanzia Kidenishi hadi Kilao na Kijapani. Waliona kwamba kwa kawaida jibu hufuata swali kwa kasi ya ajabu, wastani wa kama sehemu moja ya tano ya sekunde, na kwamba maneno yasiyojibu swali huchelewa kuliko yale yanayolijibu. Sikio la binadamu hulijua hilo bila kufundishwa. Mwalimu wetu akiulizwa uso kwa uso, akatulia kidogo, akaanza na "Aah, hivi...", muulizaji mwenye haya hurudi nyuma mwenyewe: "Haya, tuyaache." Celia Kitzinger na Hannah Frith walionyesha jambo linalofanana na hilo mwaka 1999: katika mazungumzo ya kila siku watu hukataa bila kutamka "hapana", na wenzao huwaelewa vizuri kabisa.

Kwenye maandishi kusita hakuonekani. Jibu lililokuja baada ya saa tatu huenda lilichelewa kwa uchungu, au mwandishi wake alikuwa kwenye daladala. Hakuna anayejua.

Dawa ya pili ni kukwepa kwa ustadi: unaulizwa hili, unajibu la jirani yake. Todd Rogers na Michael Norton waliipima mwaka 2011 kwa kuwaonyesha watu mdahalo wa kisiasa. Katika toleo moja mgombea aliulizwa kuhusu dawa za kulevya, naye akajibu kuhusu huduma za afya. Kwa kuwa mada hizo zinakaribiana, wasikilizaji wengi hawakugundua kwamba swali halikujibiwa. Lakini watafiti walipoliacha swali likisomeka kwenye skrini wakati mgombea akizungumza, ujanja ulionekana. Na katika maandishi ya hadharani swali hubaki likisomeka siku zote, hapo juu ya jibu. Mwalimu akiandika "Ahsante, masomo yalikuwa magumu kweli", kila apitaye ataona kilichorukwa.

Basi kwa nini asikae kimya tu? Mara nyingi kimya kinatosha, hasa kama swali limemezwa na pongezi na hakuna aliyelishika. Shida huanza pale wengine wanaposubiri jibu. Leslie John, Kate Barasz na Michael Norton walichapisha mwaka 2016 majaribio ambamo washiriki walichagua kati ya watu wawili waliojaza dodoso la mambo ya aibu. Mmoja alikiri kwamba huyafanya mara kwa mara. Mwingine alikataa kujibu baadhi ya maswali. Washiriki walielekea kumpendelea aliyekiri, hata mambo yenyewe yalipokuwa mabaya, kwa sababu aliyeficha walimwona si wa kuaminika. Nafasi tupu waliijaza wenyewe.

Tusiyavute majaribio hayo kupita kiasi. Washiriki hawakuwajua watu hao, na aliyekataa hakueleza chochote. Hapo ndipo penye nafasi ya mwalimu wetu: anaweza kuipa nafasi tupu maana kabla wengine hawajaipa.

Tuyapime majibu yake. La kwanza linalomjia ni "Yupo, amesafiri kikazi." Ni la upole, lakini ni kosa, hata kama ni kweli. Kila sababu unayotoa humpa muulizaji mahali pa kushika: kasafiri wapi, anarudi lini, mbona mahafali hakuja? La pili ni "Inakuhusu nini?" Hilo linaridhisha kwa dakika moja, kisha watazamaji wanaacha kumjadili mbeya na kuanza kujadili ukali wa mwalimu. Wengine watasema ameguswa penye kidonda.

La tatu ndilo ningelichagua: "Ahsante kwa pongezi. Mambo ya nyumbani kwangu huwa siyaongelei hapa. Ukitaka kujua kuhusu masomo, uliza tu." Neno linalobeba mzigo hapo ni "huwa". Linageuza kukataa swali hili kuwa kanuni inayohusu maswali yote ya aina yake, kwa hiyo mtazamaji hana la kuokota kuhusu ndoa. Hakuna sababu iliyotolewa wala tusi, na "siwezi kusema", ambayo hudokeza kwamba kipo cha kusemwa, haimo. Sentensi ya mwisho inawaonyesha wengine waendelee na nini, na hao ndio wasomaji halisi wa jibu hilo kuliko aliyeuliza.

Kanuni hiyo ina gharama. Mwaka 1975 mwandishi wa habari Harriet Phillippi aliliomba shirika la ujasusi la Marekani, CIA, nyaraka zinazohusu meli ya Glomar Explorer. Shirika likamjibu kwamba haliwezi kuthibitisha wala kukanusha kuwa nyaraka hizo zipo. Jibu la aina hiyo hulinda siri pale tu linapotumika pia wakati hakuna cha kuficha. Mwalimu aliyeweka picha za mume wake kila Ijumaa kwa miaka miwili, kisha leo akasema huwa hayaongelei ya nyumbani, atakuwa amejibu swali. Kwake yeye ni afadhali kusema wazi kwamba ameanza utaratibu mpya: "Siku hizi ya nyumbani nimeyaacha nyumbani." Minong'ono itakuwepo, ila haitakuwa na sentensi yake ya kunukuu.

Na kama aliyeuliza ni shangazi? Kwetu swali la mume na watoto ni sehemu ya kujuliana hali, na shangazi huenda hakuona tofauti kati ya sebule yake na hadhara ya watu mia tatu. Kanuni iliyoandikwa kwa mgeni itamfedhehesha. Kwake yatosha "Shikamoo shangazi. Nitakupigia jioni", kisha simu ipigwe kweli, na huko ndiko aombwe asiulize tena mbele za watu. Asiyetaka kuzungumza naye hata kwa simu asiahidi. Ahadi isiyotimizwa humrudisha shangazi palepale.

Muulizaji akirudia, jibu lirudiwe kwa maneno yaleyale, mara moja tu. Maneno mapya huonekana kama mlango umelegea. Akirudi mara ya tatu, aondolewe. Anayeuliza unakoishi au mtoto anasoma shule gani hastahili hata jibu la kwanza.

Mipaka mingi, hata hivyo, haivunjwi na muulizaji. Binamu mwenye nia njema anajitokeza: "Mwacheni dada yangu, kapitia mengi mwaka huu." Sandra Petronio, mtafiti wa mawasiliano wa Marekani, anaeleza kwamba unayemwambia siri huwa mmiliki mwenza wa siri hiyo, na mtafaruku huzuka wamiliki wasipokubaliana masharti. Binamu hakupewa sharti lolote. Kwa hiyo kabla ya kuweka picha ya joho, mwalimu angefanya vizuri kuwatumia ujumbe wale watatu au wanne wanaojua: wakiulizwa, na wao waseme kwamba ya nyumbani kwake huwa hawayaongelei.